Hakuna Aliyezaliwa Dkt.: Vyeo Katika Wasifu Tunaoandika

Miaka mitatu iliyopita parokia yetu ya nyumbani iliadhimisha jubilei ya miaka hamsini. Sisi vijana watatu tuliokuwa tumemaliza mwaka wa malezi tulikabidhiwa kazi ya kuandika kijitabu cha jubilei: historia fupi ya parokia, picha za mapadre waliopita, na mwishoni wasifu mfupi wa waumini ishirini na wawili waliotoka katika vigango vyetu na kufanya jambo la kukumbukwa. Tuliandika kwa bidii, na tuliandika kwa heshima. Heshima hiyo ndiyo iliyotuponza.

Miongoni mwa wale ishirini na wawili alikuwamo mzee mmoja wa ujenzi. Alisomea stashahada ya ujenzi, akafanya kazi ya fundi sanifu serikalini hadi alipostaafu, na nyumba nyingi nzuri za pale kwetu zimepita mikononi mwake. Kwenye kijitabu tulimwandika "Mhandisi". Hakutuambia tumwandike hivyo, wala hakuna aliyetutuma. Tuliona neno "fundi" ni dogo mno kwa mtu wa kiasi chake, basi tukampandisha.

Mwaka uliofuata kigango kimoja kiliamua kujenga ukumbi. Kamati ya ujenzi ilitafuta mtu wa kuchora na kusimamia, mjumbe mmoja akaleta kijitabu chetu kikaoni, akasoma kwa sauti: "Mhandisi." Hoja ikafungwa. Ukumbi ulikuwa na upana wa mita kumi na mbili, na watu walitaka dari iwe juu, ukumbi uonekane mkubwa. Hivyo katika kila kenchi ile boriti ya chini, inayofunga miguu miwili ya paa isipanuke, ikaondolewa chini na kupandishwa hadi karibu nusu ya kimo cha paa. Kwa nyumba ya mita nne au tano jambo hilo huenda lingepita bila madhara. Kwa mita kumi na mbili, na bati zote zile, miguu ya paa ilianza kuzisukuma kuta nje. Mvua za masika zilipokwisha, nyufa zilionekana juu ya lenta, pembe zote nne, nyufa nyembamba chini na pana juu. Jimbo lilimleta mhandisi aliyesajiliwa, naye alipozitazama tu aliagiza ukumbi ufungwe. Paa lilishushwa. Michango ya jumuiya ndogondogo ya misimu miwili iliishia kwenye kenchi mpya na nguzo za zege za kushika kuta. Tunashukuru hakuna aliyeumia.

Tulikwenda kumwona yule mzee. Hakutulaumu kwa sauti. Alisema tu, "Wanangu, mlipoandika vile na Baba Paroko akasoma mbele ya watu, ningesimama wapi niseme siyo?"

Tangu siku ile tumekuwa wagumu kidogo kuhusu maneno yanayotangulia majina ya watu, na sasa kwa kuwa kijitabu kinachapishwa upya, tungependa kueleza ni kwa nini mara hii wengi watajikuta wamepunguziwa.

Shida ya kwanza ni kwamba maneno tunayoyaita kwa jumla "vyeo" si vitu vya aina moja. Sisi wanafunzi wa falsafa tunafundishwa mapema, kwa Aristotle, kwamba kusema mtu ni mweupe na kusema mtu ni baba si kusema kwa namna moja: la kwanza ni sifa iliyo ndani yake, la pili ni uhusiano alio nao na mwingine. Udaktari wa shahada ni kama lile la kwanza. Mtu akishatunukiwa shahada ya uzamivu anabaki nayo, hata akiacha kazi na kwenda kulima vitunguu. Uprofesa ni kama lile la pili. Si shahada, hakuna mtihani wa kuwa profesa. Ni cheo ambacho chuo kikuu humpa mwalimu wake baada ya kupima utafiti, machapisho na ufundishaji, na kwetu ngazi zake zinafahamika: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, kisha profesa kamili. Uhandisi nao ni wa aina ya tatu, nayo ndiyo tuliyoikosea. Mtu anaweza kuwa na shahada ya uhandisi na bado asiwe mhandisi mbele ya sheria, kwa sababu hapa Tanzania jina hilo linalindwa na Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997, na anayelitoa ni Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mhitimu mpya husajiliwa kama mhandisi mhitimu; ili awe mhandisi mtaalamu anapaswa kwanza kufanya kazi kwa miaka kadhaa chini ya usimamizi wa aliyemtangulia. Na usajili unaweza kufutwa.

Kiswahili chenyewe hakikutuacha bila maneno. Kazi za ujenzi, umeme na mitambo zina ngazi tatu zenye majina yaliyokomaa: fundi mchundo, fundi sanifu, mhandisi. Fundi mchundo ndiye mwenye mkono wa kazi. Fundi sanifu anasoma michoro, anapima, anasimamia. Mhandisi ndiye anayepiga hesabu za mzigo na kuweka sahihi yake kwamba jengo litasimama. Hakuna kati ya hao aliye nusu ya mwenzake. Lakini anayesoma kijitabu akitafuta mtu wa kumpa kazi anahitaji kujua ni yupi kati ya hao watatu, na sisi tulimnyima habari hiyo kwa sababu tulidhani tunamfurahisha mzee.

Neno "Dkt." lina mtego wake. Viongozi watatu ambao Mtanzania yeyote anawafahamu wanaandikwa kwa kifupisho hicho hicho. Dkt. Hussein Mwinyi ni daktari wa tiba. Dkt. Philip Mpango, aliyeapishwa kuwa Makamu wa Rais mwaka 2021, ana shahada ya uzamivu ya uchumi. Dkt. Samia Suluhu Hassan alitunukiwa udaktari wa heshima na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwezi Novemba mwaka 2022. Herufi ni zilezile tatu na nukta yake, na hakuna kosa kwa yeyote kati yao, lakini zinasema mambo matatu tofauti. Kwa viongozi hao haisumbui, kwa sababu nchi nzima inawajua. Kwa mtu wa kigango ambaye msomaji hamjui, kifupisho pekee hakitoshi.

Katika jubilei yenyewe tulikuwa na mgeni aliyeandikwa kwenye ratiba "Dkt." bila maelezo. Baada ya chakula mama mmoja mtu mzima alimfuata na karatasi yake ya kliniki ya presha, akamwomba amwangalizie kama zile dawa mbili anaweza kuzinywa pamoja. Mgeni wetu ni daktari wa isimu. Alichoandikia tasnifu ni vitenzi vya lugha moja ya kanda ya ziwa. Alimwongoza yule mama taratibu hadi kwa sista wa zahanati, na jambo likaishia hapo kwa kicheko. Lakini je, angekuwa mtu wa kuona haya, au mtu anayependa kuonekana anajua?

Ndiyo maana kwenye toleo jipya tumeamua kwamba Dkt. haitasimama peke yake popote. Aliye wa tiba tutasema ni daktari wa tiba, na ikiwa ni bingwa tutasema ni bingwa wa nini, kwa maana "daktari bingwa wa magonjwa ya watoto" linamsaidia mzazi kuliko Dkt. kumi. Mwenye uzamivu tutasema uzamivu wake ni wa nini. Tunalipenda neno hili uzamivu. Mzamivu ni mpiga mbizi, mtu anayezama kutafuta kilicho chini. Basi msomaji ana haki ya kuambiwa huyu alizama bahari gani. Na tutajihadhari na ile tafsiri ya "Daktari wa Falsafa", ambayo kwa Kiswahili inamfanya mtaalamu wa samaki wa Ziwa Nyasa aonekane amesoma falsafa. Sisi tunaohangaika na falsafa yenyewe usiku na mchana tunaruhusiwa kulilalamikia hilo kidogo.

Ambaye bado anasoma uzamivu ni mwanafunzi wa uzamivu. Hata kama amebakiza kutetea tasnifu, hata kama wanakijiji wameshaanza kumwita. Kuandika "Dkt. mtarajiwa" ni kama kumwandika frateri "Padre mtarajiwa" kwenye kadi ya mwaliko, nia inaeleweka, ila hakuna anayejua afanye nini na habari hiyo.

Aliyetunukiwa udaktari wa heshima tutaandika hivyo waziwazi katika sentensi: alitunukiwa udaktari wa heshima na chuo fulani, mwaka fulani, kwa ajili ya kazi fulani. Ikiandikwa namna hiyo, heshima inaonekana zaidi, kwa sababu msomaji anaona nani ametoa na kwa nini. Ikifichwa ndani ya Dkt. inapotea, na tena inazua maswali. Na pale ambapo chuo kilichotoa hakijulikani, ule ugumu wa kujaza sentensi hiyo ndio utakaomwonya mwandishi: akishindwa kutaja nani alitoa na kwa kazi gani, aache. Mwalimu Nyerere alipewa udaktari wa heshima na vyuo vikuu kadhaa duniani, na Watanzania wakaendelea kumwita kwa kazi aliyoifanya Tabora na Pugu. Hakuna aliyeona kwamba amepunguziwa.

Hapo pana jambo linalotuhusu sisi wa Kanisa kwa karibu. Kwa Kilatini neno lililozaa daktari maana yake ni mwalimu, na waliotutafsiria vitabu vyetu walilijua hilo. Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyetangazwa mwaka 1567, hatumwiti Daktari wa Kanisa bali Mwalimu wa Kanisa. Tafsiri hiyo ni sahihi kuliko mazoea yetu mengi.

Na humu humu seminarini mazoea hayo yapo. Kanuni ya 253 ya Sheria za Kanisa inataka wanaofundisha falsafa, teolojia na sheria katika seminari wawe na udaktari au leseniati. Leseniati ni shahada kamili, iliyo chini ya udaktari, na inampa mtu haki ya kufundisha hapa bila kuomba radhi kwa yeyote. Lakini sisi wanafunzi tumezoea kumwita Dokta kila padre aliyerudi kutoka Roma, na mazoea ya kinywa yakifika kwenye mabango ya makongamano yanakuwa Dkt. Padre mmoja mlezi wetu alituambia kwamba kila anapopokea ratiba yenye jina lake huanza kwa kufuta herufi tatu, kisha ndipo husoma mada. Kuna pia wale tunaowaita Monsinyori kwa sababu tu wana umri na mvi; Papa Fransisko mwaka 2014 alikwisha kusema kwamba mapadre wa majimbo wasipewe tena heshima hiyo kabla ya kufika miaka 65, na hata walio na umri huo huipokea kwa kupewa, haiwajii kwa mvi.

Tusijitoe wenyewe. Mwenzetu mmoja aliandika wasifu wake mwishoni mwa makala akatanguliza jina lake na "Fr.", akimaanisha Frateri. Kigango kimoja kikamwalika Jumapili. Alipofika alikuta altare imeandaliwa, mavazi ya Misa yamenyooshwa, na watu wawili wamepiga foleni wakisubiri kuungama. Siku hizi anaandika "Frt.", na baada ya herufi hizo anaongeza neno "mseminari" kwa usalama.

Sasa tuutazame wasifu mmoja kwa ukamilifu, maana hapo ndipo mtu anaweza kuona tofauti kwa macho. Katika toleo la kwanza mtoto mmoja wa parokia aliyefika mbali katika elimu tulimwandika hivi (jina tunalificha):

"Mhe. Prof. Dkt. Mha. Fulani alizaliwa mwaka 1968. Prof. Dkt. Mha. Fulani alisoma shule ya msingi hapa kijijini. Mwaka 1990 Prof. Dkt. Mha. Fulani alijiunga na chuo kikuu kusomea uhandisi. Dkt. Fulani amefanya tafiti nyingi za kitaifa na kimataifa. Prof. Dkt. Mha. Fulani ni mtu wa watu na mcha Mungu."

Tulipokisoma tena mwaka huu tulianza kucheka wenyewe. Hakuna aliyezaliwa Prof. Dkt. Mha. Mwaka 1968 alizaliwa mtoto, akalia kama wengine, na aliyekwenda shule ya msingi alikuwa mvulana mwenye daftari kwenye mfuko wa nailoni. Kumpachika vyeo akiwa darasa la pili ni kuvuruga wakati.

"Mhe." tuliifuta kwanza. Hakuwahi kuwa mbunge, wala diwani, wala jaji. Tulimpa sisi kwa kuwa ilionekana inaanza vizuri. Tena kwa macho ya haraka "Mhe." na "Mha." zinafanana mno, na kifupisho kinachomlazimu msomaji kurudi nyuma hakijafupisha kitu.

"Dkt." iliondoka mbele ya jina kwa sababu nyingine. Anayo kweli shahada ya uzamivu, lakini desturi yetu ni kwamba Prof. humeza Dkt. Angalia mtu kama Profesa Ibrahim Lipumba: ana uzamivu wa uchumi, na miaka yote hii umma unamwita Profesa tu. Kuna nchi za Ulaya ambako vyote viwili hupangwa pamoja, nako ni sawa kwao. Kwetu kuviunganisha kunasikika kama mtu aliyevaa makoti mawili kwenye joto.

"Mha." ilituchukua muda, hasa baada ya yaliyotokea kwenye ukumbi. Tulimpigia simu, tukamuuliza bila kuzunguka kama amesajiliwa na Bodi na katika daraja gani. Tuliogopa ataona tunamdharau. Alifurahi. Alitutajia daraja lake na kututumia picha ya cheti, akasema katika miaka yote ya kualikwa kuzungumza, hilo ni swali ambalo hajaulizwa mara nyingi. Basi uhandisi wake ni halali. Hata hivyo hauhitaji kukaa mbele ya jina. Unakaa vizuri zaidi ndani ya sentensi.

Kuhusu uprofesa alitusahihisha mwenyewe: ni Profesa Mshiriki. Kwenye kuitwa, mshiriki na kamili wote ni "Profesa", na hakuna anayemkatiza mtu katikati ya salamu kuuliza. Kwenye maandishi yanayotaja cheo, cheo hutajwa kama kilivyo.

Ilibaki kazi ya lugha. Kwa nini jina na vyeo vilirudiwa mara tano katika mistari sita? Tuligundua kwamba tulikuwa tunaandika kama watu wanaofasiri. Kitenzi cha Kiswahili kimebeba mtendaji ndani yake. Nikisema "alizaliwa, akasoma, akaajiriwa", ile a- inamshika mtu yuleyule kutoka mwanzo hadi mwisho, na -ka- inavuta tukio kwa tukio bila kumwita tena. Bibi zetu wakisimulia habari za mtu humtaja mara moja, kisha vitenzi vinatembea naye. Lugha yenyewe imeshatupunguzia vyeo. Sisi ndio tunaovirudisha kwa nguvu. Jina lirudi pale tu ambapo ameingia mtu mwingine na msomaji anaweza kuwachanganya.

Wasifu mpya unasomeka hivi:

"Fulani ni Profesa Mshiriki wa uhandisi wa maji, na mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa. Alizaliwa mwaka 1968 katika kigango chetu, akasoma shule ya msingi ya kijiji, na mwaka 1990 akajiunga na chuo kikuu kusomea uhandisi. Utafiti wake wa uzamivu ulihusu namna ya kupunguza floraidi katika maji ya visima, tatizo linalochafua meno ya watoto wengi wa ukanda wetu. Ndiye aliyepima maji ya kisima cha zahanati ya parokia kabla hakijaanza kutumika."

Cheo kimetajwa mara moja, na kila neno lina mtu au taasisi nyuma yake. "Tafiti nyingi za kitaifa na kimataifa" imekwenda, na mahali pake pana floraidi na kisima, vitu ambavyo msomaji wa kwetu ameviona kwa macho. Tuligundua pia kwamba vile vyeo vingi vilikuwa vimejaza nafasi ya kazi ambayo hatukuwa tumejisumbua kuiuliza.

Mwenzetu mmoja kati ya sisi watatu alipinga, na pingamizi lake lina uzito. Alisema sisi si watu wa kuita wakubwa majina matupu. Mtoto hawezi kumwita mjomba wake kwa jina. Inakuwaje tumwandike profesa mwenye mvi "Fulani", kama mwanafunzi kwenye orodha ya mahudhurio? Tulibishana hadi kengele ya Masifu ya Jioni. Mwishoni tulikubaliana kutenganisha mdomo na karatasi. Mshereheshaji anapomkaribisha mgeni jukwaani amwite "Profesa", au "Mzee wetu", amwamkie shikamoo, amvutie kiti; hiyo ndiyo adabu yetu na hatutaki kuigusa. Wasifu ni kitu kingine. Unasomwa na mtu asiyekuwapo, pengine baada ya miaka kumi, naye anautumia kuamua amwamini nani katika jambo gani. Kwenye kichwa cha wasifu, juu ya picha, tumeacha cheo kimoja mbele ya jina kwa wale wanaokistahili, na hapo tumekutana njiani.

Ila kuna upande mmoja ambako upungufu ulikuwa mbaya kuliko ziada, na hatukuuona mpaka tulipopanga wasifu zote mezani. Kurasa mbili mfululizo zilikuwa na mume na mke. Mume ni daktari wa tiba, tukamwandika "Dkt.". Mke ana shahada ya uzamivu ya elimu na ni mhadhiri mwandamizi. Yeye tulimwandika "Mama Fulani, mama mwenye upendo na mwanachama hai wa WAWATA." Yote ni kweli, na Mama ni neno la heshima kubwa kwetu. Lakini likiwekwa peke yake kando ya Dkt. ya mumewe linasema kwamba mmoja alisoma na mwingine alimsubiri nyumbani. Anayebana vyeo abane kwa wote, la sivyo kubana kwake kutaangukia akina mama, mafundi na matabibu, na wakubwa wataponea palepale. Katika toleo jipya wote wawili wametajwa kwa namna moja: alichosomea, anachofanya, mahali anapokifanya. WAWATA imebaki kwake, na kwa mume tumeongeza kwaya, ambayo hapo awali tuliiona haifai kuandikwa karibu na udaktari.

Tabibu wa zahanati naye tumemrudishia jina lake. Kijiji kizima kinamwita daktari, na kitaendelea. Kwenye kijitabu ni afisa tabibu, ambaye kwa miaka kumi na tisa amewaona wagonjwa wetu na kujua ni yupi wa kumpeleka hospitali ya wilaya usiku uleule.

Wasifu wa yule mzee wa ujenzi tuliuacha wa mwisho, na hatukuuandika peke yetu. Tulimpelekea rasimu nyumbani kwake iliyoanza na maneno "fundi sanifu mstaafu wa ujenzi". Aliisoma polepole, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, akaomba kalamu. Tulidhani anafuta neno "fundi". Akaongeza pembeni majina ya shule mbili na daraja moja dogo la barabara ya kwenda kigango cha juu, kazi alizosimamia na ambazo zinatumika mpaka leo, akaandika mwaka wa kila moja. Kisha akauliza kama ukumbi nao utatajwa. Tulimwambia hapana, kosa lile lilikuwa letu. Akatikisa kichwa na kuandika mwenyewe, kwa herufi zake za kuchorea ramani, kwamba mwaka jana alikuwa msimamizi wa mafundi wakati paa la ukumbi lilipowekwa upya chini ya mhandisi wa jimbo.